Kinu Kisicho na Shimo

Woga ukikaa sana mwilini mwa mtu hujivika nguo za adabu. Watu wa idara ya hisabati walimsifu Dzifa Agbeko kwa adabu yake: hakubishana, hakuchelewa, hakupandisha sauti, na kila alipoingia ofisini kwa Prof Amankwaa alisimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba moto kwa jirani. Wakasema, huyu kalelewa. Hawakujua kwamba alisimama hapo ili awe karibu na pa kukimbilia.

Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa mji wa Ho. Alisoma Kumasi, akahitimu, na alipopangiwa mwaka wake wa utumishi wa taifa akarudishwa katika idara ile ile iliyomfundisha. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika mazoezi, kuandaa majibu ya kusahihishia mitihani, na kuisahihisha. Prof Amankwaa, mkuu wa somo la kalkulasi, alikuwa amemwahidi kwamba akiumaliza mwaka vizuri atampigania nafasi ya kubaki na kusoma shahada ya pili. Nafasi ilikuwa moja, na wenye kuitaka walikuwa wengi.

Sasa, woga huo ulikuwa na mahali ulipozaliwa. Dzifa alipokuwa mwaka wa kwanza, Prof alifundisha ujazo wa maumbo yanayopatikana kwa kuzungusha eneo kwenye mhimili. Mzee yule alikuja darasani na kitunguu na kipande cha kiazi kikuu. Akakata kiazi vipande vya mviringo: kila kipande ni sahani, jumlisha sahani zote umepata ujazo. Akakitoboa katikati: sasa kila kipande ni pete, basi toa duara la ndani kwenye duara la nje. Kisha akachukua kitunguu, hakukikata. Akakimenya ganda baada ya ganda. Kila ganda, alisema, ukilikunjua linakuwa kama ubao mwembamba: urefu wake ni mzunguko wa ganda, halafu lina kimo chake na unene wake. Zidisha hivyo vitatu, jumlisha maganda yote, kazi imekwisha.

"Nani anachagua njia?" akauliza. "Si wewe. Umbo ndilo linalochagua. Wewe mtumishi tu."

Akamwita Dzifa ubaoni afanye swali la maganda. Mhimili ulikuwa umesogezwa pembeni, na Dzifa, kwa haraka ya kutaka kukaa, akapima nusu kipenyo kutoka mhimili wa zamani badala ya ule mpya. Prof akaitazama kazi ile kimya, kisha akasema, "Bibie, umejenga ukuta kuzunguka uwanja wa jirani." Ukumbi mzima ukacheka. Wengine walimwita Ukuta mpaka mwaka ukaisha.

Tangu siku hiyo Dzifa hakugusa maganda tena. Swali lolote lije vipi, yeye alikata pete. Mahali ambapo njia ya maganda ingemaliza kazi kwa mistari mitatu, yeye alitumia ukurasa mzima wa pete, akafika akihema, lakini akafika. Alipokuwa mwalimu wa mazoezi akawafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo. "Pete haziwatupi," aliwaambia. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa akiwafundisha watu sitini kushtuka pamoja naye.

Mtihani wa marudio ulipofika, Prof alimwachia Dzifa aandike swali la mwisho na majibu yake. Akaandika: eneo lililo juu ya mhimili wa x na chini ya mstari uliopinda y = x² + 1, kuanzia x = 0 hadi x = 1, linazungushwa kwenye mhimili wa y; tafuta ujazo kwa njia yoyote. Akakata pete zake. Duara la nje lina nusu kipenyo 1. La ndani, mraba wa nusu kipenyo chake ni y − 1. Moja toa hiyo ni 2 − y. Akajumlisha kutoka chini kabisa, sifuri, hadi juu kabisa, mbili. Jibu likatoka pai mbili, limenyooka, halina hata sehemu. Prof alitakiwa kuyapitia majibu yale kabla ya kutia saini. Alitia saini.

Kusahihisha kulikwenda haraka, maana Dzifa alikuwa na mtindo wa wasahihishaji waliochoka: jicho kwanza linashuka mstari wa mwisho. Ukiona pai mbili, weka vema, panda juu taratibu. Ukiona kingine, tafuta alikopotea. Karibu wote walikuwa na pai mbili, kwa sababu walimsikiliza mwalimu wao. Mmoja alikuwa na pai moja na nusu, na juu yake kulikuwa na maganda matupu. Dzifa alipoyaona maganda yale alikuwa kama anayesikia jina lake la utani likiitwa barabarani. Akaandika sifuri na kufungua karatasi nyingine.

Mwenye karatasi ile alikuwa Fuseini Iddrisu, kijana mrefu wa Tamale, kule kaskazini, na hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Alikuwa ameshaanguka somo hilo mara moja. Kanuni ya chuo ilisema akianguka tena anaondoka. Sifuri ile ndiyo iliyomwangusha. Alikosa alama chache tu.

Chuoni pale mwanafunzi alikuwa na haki ya kuitazama karatasi yake mbele ya msahihishaji kabla bodi ya mitihani haijakaa. Wachache waliitumia haki hiyo, kwa kuwa aliyeitumia alipachikwa jina la Wakili na jina hilo halikumtoka. Fuseini alikuja asubuhi ya siku moja kabla ya bodi, shati limepigwa pasi, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Madam, habari ya asubuhi. Tafadhali, nimekuja kuona."

Dzifa akamsukumia karatasi. Kijana akaisoma polepole kama barua ya msiba. Alipofika mwisho akaweka kidole kwenye ile sifuri.

"Madam, tafadhali, hapa nimekosea wapi?"

"Jibu ni pai mbili."

"Ndiyo, wenzangu waliniambia. Lakini nimekosea wapi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Dzifa hakuwa ameyasoma maganda yale.

"Fuseini, nilifundisha pete. Ulikuwepo darasani?"

"Nilikuwepo, Madam. Lakini swali limesema njia yoyote. Nikaona nikikata, vipande vya chini havifanani na vya juu. Nikaona bora nimenye." Akasita. "Madam, kile si kinu? Kinu cha kutwangia. Gogo lenye shimo juu. Sasa pai mbili..."

"Umekuja kuona au umekuja kubishana?"

Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya Prof Amankwaa, na hata yeye ilimtisha. Fuseini akainamisha kichwa. Akaikunja karatasi vizuri, akairudisha kwa mikono miwili, akasema ahsante Madam, akatoka.

Dzifa alikaa akiutazama mlango. Kinu. Kwa nini aseme kinu? Akavuta karatasi tupu, na kwa mara ya kwanza katika kazi nzima ile akalichora umbo lenyewe. Ubavu umenyooka, nusu kipenyo moja, kimo mbili. Juu, shimo lililochongwa kama bakuli, likishuka mpaka katikati, kimo cha moja, na hapo likaishia. Chini ya hapo ni mti mtupu. Kweli kilikuwa kinu.

Kama chini hakuna shimo, basi vipande vya chini si pete, ni sahani nzima. Yeye alikuwa amekata pete kutoka sifuri. Akajaribu kimo cha nusu: y − 1 ni hasi nusu. Alikuwa ametoa shimo lenye ukubwa wa hasi, na kutoa hasi ni kuongeza. Alikuwa amepachika mti mahali pasipo na mti.

Akarudia kwa pete, safari hii akigawanya kazi sehemu mbili. Kutoka sifuri hadi moja, sahani nzima: pai moja. Kutoka moja hadi mbili, pete: nusu pai. Jumla pai moja na nusu. Halafu akajaribu maganda. Mzunguko wa ganda ni 2 mara pai mara x, kimo chake x² + 1, kutoka sifuri hadi moja. Hapakuwa na kugawanya chochote, maana kila ganda, la ndani au la nje, linasimama kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Robo jumlisha nusu ni robo tatu, mara pai mbili: pai moja na nusu. Mistari mitatu.

Na pai mbili yake ilikuwa nini? Pai mara moja mara mbili. Gogo zima kabla fundi hajaligusa. Ule mti wa uongo alioongeza chini ulikuwa umetosha kuliziba shimo la juu, bila kupungua wala kuzidi. Ndiyo maana jibu lilinyooka vizuri namna ile.

Mtu mwingine angeinuka pale pale. Ofisi ya Prof ilikuwa upande wa pili wa korido, mlango wa rangi ya kijani, na mwanga ulionekana chini yake. Dzifa aliinuka mara kadhaa. Kila mara alimwona yule mzee akiinua uso na kusema jambo la ukuta, au jambo baya zaidi, na nafasi ile moja ikienda kwa mwingine, na baba yake kule Ho akiwauliza wateja wake mtoto wangu kakosa nini. Akakaa tena. Akajiambia labda Fuseini angeanguka hata hivyo. Akahesabu: asingeanguka. Akajiambia labda bodi yenyewe itaona. Bodi haitazami vinu, inatazama majina na alama. Jioni akabeba mkoba akaenda nyumbani, na mwanga wa chini ya mlango wa kijani ulikuwa bado unawaka.

Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, Yawa, mama mnene mwenye kibanda cha chakula karibu na kituo cha magari. Alimkuta uani na kijana wake wa kutwanga, fufu ya mihogo ikiwa kinuni.

"Afadhali umekuja. Kaa hapa unigeuzie, mkono wangu umechoka."

Dzifa akakaa, akalowesha vidole, mchi ukipanda yeye anageuza, ukishuka anatoa mkono. Lakini macho yake yalikuwa yameganda ndani ya shimo la kinu. Mchi ulishuka ukamkosa vidole kwa unene wa jani.

"Weh, mtoto," shangazi akasema. "Humo ndani unamtafuta nani, mchumba? Ondoka, utatutilia damu kwenye chakula cha watu."

"Shangazi, kinu kisicho na shimo kitakuwaje?"

"Kitakuwa kigoda. Watu watakikalia." Shangazi akamtazama vizuri. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Aliyekutisha nani, basi?"

Dzifa akasuuza vidole, akaingia ndani. Hakula. Alilala na nguo zake, akiwaza kijana mmoja aliyerudisha karatasi kwa mikono miwili.

Asubuhi mvua ya Kumasi ilikuwa imenyesha ikaacha. Wajumbe wa bodi walikuwa wameshaingia chumba cha mikutano. Nje, kwenye meza yake, alikuwa Auntie Adwubi, katibu wa idara, mwanamke asiyepitwa na jambo.

"Dzifa, mbona umevaa nguo za jana? Ulilala kanisani?"

"Auntie, nataka kuingia."

"Kuingia wapi? Humo? Humo huingia chai na Mungu."

"Tafadhali, Auntie."

Adwubi alikuwa tayari kuongeza utani mwingine, lakini alipomtazama binti usoni akainuka na kumfungulia mlango yeye mwenyewe.

Nyuso zikageuka. Prof Amankwaa alikuwa kichwani mwa meza, miwani imeshuka puani, kalamu mkononi juu ya orodha. Dzifa alisimama pale pale karibu na mlango.

"Tafadhali, Prof. Swali la mwisho. Majibu niliyoandika si sahihi."

"Chora," Prof akasema.

Ubao ulikuwa mwisho wa chumba, na ilibidi apite nyuma ya viti vyote kuufikia. Akachora kinu. Akaonyesha mahali shimo linapoishia. Akaandika sahani chini, pete juu, na pembeni akaandika maganda, nusu kipenyo akikipima kutoka mhimili wenyewe, akirudia kukipima kwa kidole kabla ya kuendelea. Majibu mawili yakatoka sawa. Akawaambia kwamba Fuseini Iddrisu alitumia maganda, akapata hivyo hivyo, naye akampa sifuri.

"Na pai mbili ni ujazo wa nini?" Prof akauliza.

"Wa gogo zima, Prof. Kinu kabla hakijachongwa."

"Nani alitia saini majibu hayo?"

Dzifa akatazama sakafu. "Tafadhali, Prof. Ni wewe."

Mjumbe mmoja akakohoa. Prof akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Umelijua hili lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana nilikuwa ofisini mpaka jioni."

"Ndiyo, Prof. Niliona mwanga."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Angeweza kusema bodi, au kanuni, au aibu. "Wewe," akasema.

Hakuna aliyecheka. Prof aliitazama ile michoro, na Dzifa akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye uso ule: mzee alikuwa amefadhaika. Alikuwa ameweka jina lake chini ya kinu kisicho na shimo, na wenzake wote wamekaa wanaangalia.

"Karatasi zote zisahihishwe upya," akasema hatimaye. "Waliokufuata wewe wapewe alama zote za njia. Hakuna mtoto atakayeanguka kwa kosa la walimu wake. Tutakaa tena ukimaliza. Kuhusu nafasi yako sisemi kitu leo." Akavaa miwani. "Huyu mwenye maganda yuko wapi?"

Adwubi alikuwa bado kashika mlango. "Huyo mrefu wa Tamale? Kapita hapa asubuhi mapema, Prof, anauliza ufunguo wa bweni unarudishwa wapi. Nilimwambia asubiri matokeo, akasema matokeo anayajua."

Dzifa hakuomba ruhusa. Ndiyo siku pekee watu wa idara walimwona akikimbia.

Kituo cha mabasi ya kaskazini kilikuwa na matope na kelele za wapiga debe. Basi la Tamale lilikuwa limekaribia kujaa. Kondakta alikuwa akifunga mizigo juu. Dzifa akapita chini ya madirisha akitazama uso mmoja mmoja, akiogopa kumwona na akiogopa zaidi kumkosa. Fuseini alikuwa kiti cha nyuma, begi mapajani, shati lile lile la pasi. Alipomwona akasimama nusu, kama wanafunzi wanavyosimama mwalimu akiingia.

"Madam? Kuna kitu sikurudisha?"

Dzifa akashika ukingo wa dirisha. Alikuwa akihema, na maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemwagika.

"Ni pai moja na nusu," akasema. "Ulikuwa sahihi. Nimewaambia wote, Prof pia. Shuka, Fuseini. Umefaulu."

Kijana hakushuka. Akafungua begi, akatoa karatasi iliyokunjwa, akamnyooshea kupitia dirishani. Dzifa akaifungua. Lilikuwa swali lile lile, limefanywa upya kwa mwandiko wake wa polepole. Kinu kilichorwa kimesimama wima. Shimo lake lilikuwa limepakwa wino wote, likazibwa, na chini yake imeandikwa pai mbili.

"Nilifanya jana jioni, Madam," Fuseini akasema. "Nilikaa nalo mpaka nikaona mimi ndiye mjinga. Nikakubali."